Nani Anakula Bando?

Dada mwenye steshenari karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, hakuniita nikamtafutie mdudu. Aliniita nimpigie Windows upya. "Kaka, mashine imezeeka," alisema kabla sijapata hata pa kukaa. "Na bando nalo siku hizi halivuki saa sita. Nimepiga simu huduma kwa wateja, wananiambia data natumia mwenyewe." Kaunta alikuwa amesimama kijana anayesubiri barua yake ya maombi ya kazi ichapwe, na kwenye skrini kile kiduara cha kusubiri kilikuwa kinazunguka tu.

Mashine yenyewe ni kompyuta mpakato ya mtumba, toleo la mwaka 2013, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka. Kila asubuhi anaiunganisha na intaneti ya simu yake kwa bando la gigabaiti moja. Kazi zake ni zile za steshenari zote: kufungua barua pepe za wateja, kujaza fomu za mtandaoni, kuchapa. Hatazami video, na muziki anausikiliza redioni.

Malalamiko yake yalikuwa mawili, na ni la pili lililonifanya nisitoe flashi ya Windows mfukoni. Mashine ikizeeka inakuwa nzito, hilo halina ubishi. Lakini uzee hauli bando. Kompyuta ya miaka kumi na mpya ya dukani zikifungua ukurasa uleule hupakua mzigo uleule. Ikiwa uzito na upotevu wa data vimeingia pamoja, miezi ileile, kuna kitu ndani ya mashine kinachofanya kazi ambayo mwenye mashine hakuituma.

Kabla ya kugusa chochote nilifanya jaribio moja ambalo msomaji anaweza kulifanya leo. Nilifungua ukurasa wa kuingilia barua pepe kwenye Chrome kama anavyoufungua yeye siku zote, nikahesabu kwa saa ya simu: sekunde 41. Kisha nikabonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Hapo hufunguka dirisha la faragha, lenye rangi nyeusi, ambalo kwa kawaida viendelezi vya kivinjari haviruhusiwi kuingia. Nikafungua ukurasa uleule, nikaufunga, nikaufungua mara ya pili. Mara hiyo ya pili ndiyo ya kuhesabu, kwa kuwa dirisha la faragha huanza bila akiba yoyote ya picha na vipande vya kurasa, hivyo safari ya kwanza huchelewa bila kosa la mtu. Ilichukua sekunde 13.

Mashine ni ileile, mtandao ni uleule, na dakika ni zilezile. Zile sekunde 28 za tofauti haziwezi kuwa uzee. Kama muda ungelingana pande zote mbili, ningemwambia dada tutafute kwingine: diski, vumbi kwenye feni, au mtandao wenyewe.

Kiendelezi ni programu ndogo inayoishi ndani ya kivinjari. Kipo cha kutafsiri kurasa, cha kuzuia matangazo, cha kukagua tahajia, cha kugeuza PDF. Vingi vina faida. Shida inaanzia kwenye ruhusa. Unapokiweka, Chrome hukuonyesha sentensi fupi ambayo karibu kila mtu huiruka: "Read and change all your data on all websites". Maana yake ni kwamba kiendelezi hicho kitasoma na kubadilisha chochote kwenye kila tovuti unayoifungua. Ni kama umempa fundi bomba funguo za vyumba vyote kwa sababu ya koki moja ya jikoni. Tangu hapo, kila ukurasa unaoufungua, kivinjari hulazimika kwanza kuchomeka humo vipande vya maandishi ya kiendelezi na kuvitekeleza. Kwenye mashine mpya hutasikia kitu. Kwenye prosesa ya mwaka 2013 utasikia.

Na bado hatujafika kwenye bando.

Safu ya nne

Chrome ina kioo chake cha kujitazamia ambacho wengi hawakijui. Ukibonyeza Shift na Esc wakati kivinjari kiko wazi, linatokea dirisha dogo liitwalo Task Manager. Si ile ya Windows ambayo mafundi wameizoea. Hii ni ya Chrome yenyewe, na inaorodhesha kila ukurasa na kila kiendelezi kwa jina, pamoja na kumbukumbu kinachoshika, nguvu ya prosesa kinayotumia na data inayopita wakati huo. Safu ya data imeandikwa Network.

Nilifunga kurasa zote nikabakiza moja tupu. Kwa hali hiyo safu ya Network inatakiwa itulie kwenye sifuri, labda iruke kidogo na kurudi. Mstari mmoja haukutulia. Ulianza na neno Extension, kisha jina la kistaarabu lenye herufi PDF ndani yake, na namba zake zilikuwa zikipanda na kushuka kuzunguka kilobaiti 50 kwa sekunde. Kumbukumbu ilikuwa imeshika megabaiti 380. Na hapo sisi wawili tulikuwa tunatazamana tu, hakuna aliyegusa kitufe.

"Kinafanya nini sasa?" dada akauliza.

Tufanye hesabu kwanza, halafu tutajibu. Kilobaiti 50 kwa sekunde si nyingi, hata kurasa za kawaida hutumia zaidi zinapofunguka. Ila ukurasa ukishafunguka unanyamaza, na hiki hakinyamazi. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni kilobaiti 180,000, sawa na megabaiti 180. Dada anafungua duka saa mbili asubuhi. Ikifika saa sita, kiendelezi kimeshatumia megabaiti 720. Zinazobaki kwenye gigabaiti yake ni kama 280, na hizo ndizo alizokuwa akizitumia yeye kwa barua pepe na fomu. Wale wa huduma kwa wateja walisema kweli kwa upande wao: data ilipita kwenye simu yake. Kwamba haikutumwa na yeye, wao hawana namna ya kuona.

Kazi ya hicho kiendelezi niliiona baada ya kuwasha Developer mode kwenye ukurasa wa chrome://extensions, kufungua Details za kiendelezi na kubofya palipoandikwa Inspect views. Humo unaweza kutazama kila anwani kinayoitembelea. Kilikuwa kinafungua kurasa zisizoonekana, kila baada ya muda mfupi, zilizojaa matangazo. Hakuna jicho la mtu linaloyaona matangazo hayo. Lakini huko yalikotoka, kila ufunguzi unahesabiwa kama mtazamaji mmoja, na mwenye tangazo analipa. Pamoja na hayo, kila neno ambalo dada alikuwa akilitafuta lilizungushwa kwanza kwenye anwani mbili tatu za watu hao kabla ya kufika kwenye tovuti ya utafutaji. Hiyo nayo unaweza kuiona kwa macho bila zana yoyote: andika neno, bonyeza Enter, kisha kazia macho sehemu ya anwani juu. Ikipepesa majina ya ajabu kabla ya kutulia, kuna dalali katikati.

Watanzania wanakumbuka mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuwasaka wafanyakazi hewa kwenye orodha za mishahara. Nilitaka kumpa dada mfano huo, nikagundua haukai sawasawa. Mfanyakazi hewa hula mshahara bila kufanya kazi. Hiki kinafanya kazi usiku na mchana, ila mwajiri wake ni mtu mwingine, na mshahara, umeme na bando ni vya dada.

Sasa kwa nini megabaiti 380 za kumbukumbu zifanye mashine nzima ipooze? Chukulia kumbukumbu kuwa meza na diski kuwa stoo ya uani. Meza ya gigabaiti 4 ni ndogo. Windows peke yake hukalia karibu nusu yake, kivinjari chenye kurasa nne tano kinajaza sehemu kubwa ya inayobaki. Hapo ndipo kiendelezi kinapokuja na kutandaza makaratasi yake. Meza ikijaa, Windows haikatai kazi. Huanza kubeba makaratasi kwenda stoo na kuyarudisha kila yanapohitajika. Diski ya sahani ni ya polepole mno ukiilinganisha na kumbukumbu, kwa hiyo kila unapotoka kwenye barua pepe kwenda kwenye Word unasikia mashine inakoroma na kitaa cha diski kinawaka bila kuzima. Kwenye meza ya gigabaiti 16 kiendelezi kilekile kingekaa pembeni bila mtu kujua. Ndiyo maana kiendelezi hiki kinauma zaidi kwenye mashine za mtumba, ambazo wenye nazo ndio pia wananunua data kwa vipimo vya siku.

Kiliingiaje

Nilimwuliza dada kama anakumbuka kukiweka. Hakukumbuka, na nilimwamini. Tulipopanga orodha ya programu za Windows kwa tarehe za kuwekwa, tuliiona: programu ya kugeuza PDF kuwa Word, imewekwa miezi minne nyuma. Hapo akakumbuka. Mwanafunzi alikuja na ripoti ya mafunzo kwa vitendo, iko kwenye PDF, anataka irekebishwe na muda umekwisha. Dada akatafuta mtandaoni, matokeo ya kwanza yalikuwa tangazo, akabofya kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua.

Programu za namna hiyo hukupa njia mbili wakati wa kuziweka. Moja inaitwa Recommended, nyingine Custom. Ukichagua ya kwanza, kama ambavyo mtu mwenye mteja anayesubiri atafanya, visanduku vya makubaliano vilivyofichwa ndani vinabaki na vema zake, na mojawapo inasema unakubali kuwekewa kiendelezi cha kivinjari. Kisheria umekubali. Ndiyo sababu programu hizi mara nyingi haziitwi virusi, na kinga nyingi za kompyuta huziacha zipite au huziita kwa upole programu zisizohitajika.

Lakini ipo njia ya pili, ambayo haimtegei mzembe wala mwenye haraka. Mfano wake unaojulikana sana ni kiendelezi cha Chrome kilichoitwa The Great Suspender. Kazi yake ilikuwa ya heri, tena kwa ajili ya mashine kama hii ya dada: ukurasa ambao hujaugusa kwa muda kiliulaza, kumbukumbu ikapungua. Watu wapatao milioni mbili walikuwa nacho. Katikati ya mwaka 2020 aliyekitengeneza alikiuza kwa mtu ambaye hakujulikana hadharani. Mnamo Februari 2021 Google ilikifuta dukani na kukizima kwenye kompyuta za watu kwa ujumbe kwamba kina programu hasidi.

Katikati ya tarehe hizo mbili, watumiaji hawakufanya kosa lolote. Hawakubofya kitu kipya. Viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya, na Chrome hukuuliza tena pale tu toleo jipya linapodai ruhusa zaidi ya zile za mwanzo. Hiki kilikuwa na ruhusa ya kugusa kurasa zote tangu siku ya kwanza, kwa sababu bila hiyo kisingeweza kuzilaza. Mmiliki mpya alirithi funguo zote bila kubisha hodi. Ndiyo maana swali la "nimekiweka lini na kilikuwa kizuri" halisaidii sana. La kujiuliza ni kama bado unakihitaji leo.

Wapo pia wanaovuta subira. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya McAfee walieleza viendelezi vitano, kikiwemo kimoja cha kutazama filamu pamoja na marafiki, vilivyopeleka kwenye seva ya wenyewe anwani ya kila tovuti ambayo mtumiaji aliifungua, ili wajipachikie kamisheni kwenye manunuzi yake. Baadhi vilikuwa vimetegwa visianze kazi hiyo hadi zipite siku 15 tangu kuwekwa. Mtu anaweka kitu leo, shida inaanza baada ya wiki mbili, nani atakumbuka kuviunganisha?

Na wale wanaopenda VPN za bure wanisikilize kidogo. Wengi wetu Afrika Mashariki tulizizoea kwa lazima. Uganda, kwa mfano, wakati ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii Julai 2018, watu walizikimbilia ili kuikwepa tozo. Mwaka 2015 iligundulika kwamba VPN ya bure iitwayo Hola ilikuwa inapitisha mizigo ya watu wengine kwenye intaneti ya watumiaji wake, na njia hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa wateja wenye fedha kupitia huduma iliyoitwa Luminati. Ukiwa nayo, mtu usiyemjua aliweza kupita mtandaoni kana kwamba ni wewe. Biashara ya namna hiyo haijafa.

Dalili yake ni tofauti na ya matangazo. Matumizi ya kawaida ya intaneti huwa ni kupokea zaidi kuliko kutuma. Kompyuta iliyogeuzwa njia ya wengine hupokea mzigo kisha huutuma, kwa hiyo namba mbili hukaribiana, na mtandao wa simu unakukata mara mbili: kuingia na kutoka. Fungua Task Manager ya Windows kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda Performance, bofya Wi-Fi. Ukiona Send na Receive zinakimbia sambamba huku hujafungua kitu, anza na VPN ya bure. Kama ni Send peke yake iliyo juu, huenda ni picha na mafaili yako yanapelekwa OneDrive, na hilo ni jambo la kuzimwa tu, si la kuogopa.

Kinaondoka, kinarudi

Kukiondoa kiendelezi kwa kawaida ni kazi ya sekunde tano: chrome://extensions, bofya Remove, basi. Cha dada hakikuwa na kitufe cha Remove. Swichi ya kukizima ilikuwa imefifia, haibonyezeki. Na chini kabisa ya menyu ya Chrome kulikuwa na maneno "Managed by your organization", yaani kivinjari hiki kinasimamiwa na taasisi yako.

"Taasisi gani?" dada akacheka. "Taasisi ni mimi na huyu mdogo wangu."

Maneno hayo ni ya kweli kwenye kompyuta ya benki au chuo, ambako wataalamu wa ofisi hupanga kutoka mbali nini kiwepo na nini kisiwepo kwenye vivinjari vya watumishi. Mashine ya mtu binafsi ikiyaonyesha, mara nyingi kuna programu iliyojifanya ofisi. Kinga fulani za virusi nazo huyaleta, kwa hiyo usihukumu kabla ya kufungua chrome://policy. Tulipofungua tulikuta mstari ulioitwa ExtensionInstallForcelist, na mbele yake mfululizo wa herufi 32 zisizo na maana. Hiyo ni namba ya kitambulisho cha kiendelezi. Tuliilinganisha na ile iliyo kwenye chrome://extensions chini ya jina la kile cha PDF: ni yenyewe. Amri hiyo inaiambia Chrome kwamba kiendelezi hiki ni lazima kiwepo, na kisipokuwepo, kipakuliwe tena.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapochoka na kupiga Windows upya. Haihitajiki, ila mpangilio wa kazi una maana. Ukifuta amri kabla ya kumfuta aliyeiandika, ataiandika tena kesho asubuhi mashine ikiwashwa. Tulianza na ile programu ya kugeuza PDF kwenye orodha ya Apps ya Windows, tukaiondoa. Kisha tukafungua Task Scheduler, kitabu cha ratiba cha Windows, na kweli humo ilibaki kazi moja iliyopangwa kuanza kila mtu anapoingia kwenye kompyuta, inayoita faili lililokuwa ndani ya folda ya programu hiyohiyo. Tukaifuta. Mwisho ndipo tukafuta amri yenyewe, kwa kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika mistari hii miwili:

```
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
reg delete "HKCU\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
```

Mmojawapo ukijibu kwamba haukupata kitu, si kosa. Amri ilikuwa upande mmoja tu. Na tafadhali, mistari hii isiandikwe kwenye kompyuta ya mwajiri au ya shule. Huko taasisi ni ya kweli, na unachofuta ni kanuni zake.

Tulifunga Chrome, tukaifungua. Maneno ya taasisi yalikuwa yameondoka na kitufe cha Remove kimerudi. Tukakibofya. Kisha nikaingia chrome://settings/reset na kurudisha mipangilio ya mwanzo, ambayo huzima viendelezi vyote na kurejesha tovuti ya utafutaji ya kawaida bila kugusa kurasa zilizohifadhiwa wala nywila. Viendelezi vingine vitatu vilivyobaki dada hakuweza kuniambia vinafanya nini. Vikaenda navyo.

Jambo moja lilibaki ambalo lingetuaibisha. Dada ameingia Chrome kwa akaunti yake, na akaunti hiyohiyo iko kwenye kompyuta ya nyumbani anayoitumia mdogo wake. Akaunti hubeba viendelezi kutoka mashine moja kwenda nyingine. Nilimwomba apite nyumbani akakague nako jioni ileile. Wapo waliosafisha mashine ya ofisini mara tatu kumbe chanzo kiko sebuleni.

Vijitangazo vya pembeni, vile vinavyochomoza kona ya chini kulia na kusema kompyuta yako ina virusi vitano, vilikuwa ni jambo jingine kabisa. Hivyo havitoki kwenye kiendelezi. Vinatoka kwenye tovuti ambayo siku moja ilimwambia abofye Allow kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Dawa yake iko chrome://settings/content/notifications: futa tovuti zote usizozitambua kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

Kuhusu programu za kusafisha, ushauri wangu ni mfupi. Nyingi zinazojitangaza kuwa zitaharakisha kompyuta yako ni ndugu wa damu wa zile zinazoipooza. Ukitaka msaada, AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure, haihitaji hata kusimikwa, na ipakue kwenye tovuti yao wenyewe tu. Ndani ya Windows Security nako, chini ya Reputation-based protection, kuna swichi ya kuzuia programu zisizohitajika. Iwashe. Wenye mashine ambazo bado zina Windows 7 wajue kwamba Chrome iliishia kwao kwenye toleo la 109, la Januari 2023, na tangu hapo mashimo mapya hayazibwi.

Kilichonisumbua zaidi ni nywila. Kiendelezi kinachosoma kurasa zote kinaweza kusoma na kinachoandikwa kwenye kurasa hizo, na kaunta ya steshenari ni mahali ambapo watu huingia kwenye akaunti zao za barua pepe, za maombi ya mikopo ya wanafunzi, za ajira. Sikuona ushahidi kwamba hiki kilichukua nywila, ila kilikuwa na uwezo huo kwa miezi minne. Dada alibadilisha zake kutoka kwenye simu, na kwa wiki kadhaa alikuwa akiwaambia wateja wake wa kudumu nao wabadilishe. Halikuwa tangazo zuri la biashara. Namheshimu kwa hilo.

Siku iliyofuata bando lilifika jioni likiwa na megabaiti mia nne na ushee. Ukurasa wa barua pepe ukawa unafunguka ndani ya sekunde 14. Kuwasha mashine bado kunachukua dakika karibu nne, na hilo hakuna kiendelezi cha kulaumiwa. Ni ile diski ya sahani, na itabaki hivyo hadi apate fedha ya kubadilisha kuwa SSD. Feni nayo inapiga kelele zilezile. Nilichoondoa ni kazi ya watu wengine. Uzee niliuacha palepale.

Kabla sijaondoka aliniuliza atumie programu gani salama ya kugeuza PDF, maana wanafunzi watarudi tu. Nikafungua Word iliyokuwa tayari kwenye mashine yake, nikabofya File, kisha Open, nikachagua PDF moja ya mteja. Ikauliza kama nataka kuigeuza, nikakubali, na ripoti ikafunguka, majedwali yamepinda kidogo lakini kila neno linarekebishika. PDF ambayo ni picha iliyoskaniwa haitatoka vizuri hivyo. Zilizochapwa zinatoka, na Word imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu toleo la 2013.